Keshia, Droo na Majibu Manne

Kosa la wizi limeelezwa katika kifungu gani cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania? A: 257. B: 258. C: 259. D: 260.

Maswali ya namna hii yamejaa kwenye vitini vya wanafunzi wa sheria, na kwa mtazamo wangu ndiyo yanayofanya wengi wayadharau maswali ya kuchagua jibu. Anayepata B ameonyesha kwamba anakumbuka namba. Hajaonyesha kama anaweza kutofautisha mwizi na mtu aliyechukua mwavuli wa mwenzake akidhani ni wake. Namba yenyewe inaweza kubadilika sheria zikifanyiwa urekebu, na hakuna wakili anayekwenda mahakamani bila kitabu cha sheria mkononi. Zaidi ya hapo, majibu matatu yenye makosa hayana kazi yoyote. Hakuna mwanafunzi aliyekosea jambo la kisheria ndipo akachagua 259. Amebahatisha tu.

Swali zuri la sheria ya jinai huanzia kwingine kabisa, yaani kwenye kosa ambalo watu wazima na wenye akili zao hulifanya wanapoifikiria sheria. Ukilipata kosa hilo, nusu ya swali imekwisha kuandikwa.

Chukua imani hii, ambayo utaisikia kwenye daladala, kwenye vikoba na hata kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza: kuchukua fedha ukiwa na nia ya kurudisha si wizi, ni kukopa bila ruhusa. Ni imani yenye mantiki. Kwa vitu vingi inakaribia kabisa kuwa kweli, kwa sababu nia ambayo sheria huitazama kwanza katika wizi ni ile ya kumnyima mwenye mali mali yake moja kwa moja. Lakini kifungu cha 258 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kinataja nia kadhaa ambazo yeyote kati yake inatosha kuufanya uchukuaji kuwa wa udanganyifu, na ya mwisho inahusu fedha peke yake. Mtu akichukua fedha kwa nia ya kuzitumia kwa hiari yake, uchukuaji wake ni wa udanganyifu hata kama anakusudia kuja kulipa kiasi hicho baadaye. Kanuni ya Adhabu ya Kenya, Sura ya 63, inasema vivyo hivyo katika kifungu cha 268. Hapo kuna pengo kati ya mtaa na sheria, na mtunga maswali anayatafuta mapengo ya aina hiyo.

Sasa tuliandike swali. Rasimu ya kwanza huja upesi: Mwanaisha ni keshia wa duka la vifaa vya ujenzi. Ijumaa jioni anachukua shilingi 80,000 kwenye droo akanunue dawa za mwanawe, anaacha kikaratasi chenye jina lake na kiasi alichochukua, akikusudia kurudisha Jumatatu. Jumamosi mwenye duka anahesabu fedha na kugundua. Je, Mwanaisha ametenda kosa gani? A: wizi. B: wizi wa mtumishi. C: kujipatia fedha kwa udanganyifu. D: hakuna kosa.

Linasomeka vizuri, na limeoza.

Ubovu wa kwanza upo kwenye A na B. Sheria ina kosa la wizi na ina pia wizi unaofanywa na mtumishi dhidi ya mwajiri wake. Wizi wa mtumishi ni wizi kwanza, ndipo unakuwa wa mtumishi. Mwanafunzi aliyechagua A hajasema uongo, na mwalimu aliyemnyima alama hataweza kujitetea mbele yake. Swali lina majibu mawili, moja sahihi na jingine sahihi zaidi, na maelekezo hayakumwambia mtahiniwa achague lililo sahihi zaidi.

Ubovu wa pili ni kikaratasi. Mwandishi amekiweka ili kisa kipendeze, lakini katika jinai kila kitu unachokitia kwenye kisa kinaweza kugeuka utetezi. Mtu anayeacha jina lake na kiasi alichochukua hadharani hafichi kitu. Mwanafunzi makini atajiuliza kama keshia huyu aliamini kwa dhati kwamba anaruhusiwa, na sheria inamlinda mtu anayechukua mali akiwa na dai la haki aliloliamini kwa uaminifu, bila nia ya kudanganya. Matokeo yake ni kwamba wanafunzi hodari ndio watakaosita, na wale waliosoma juu juu watapita bila shida. Swali linalowaadhibu hodari limefanya kazi kinyume.

Ubovu wa tatu ni dawa za mtoto. Mara maisha ya mtoto yanapoingia, kuna atakayefikiria utetezi wa dharura, na jibu litategemea mtoto alikuwa mgonjwa kiasi gani na kulikuwa na njia gani nyingine. Kisa hakisemi. Mtunga swali alitaka kupima nia ya kurudisha fedha, akajikuta amefungua mlango mwingine ambao hakukusudia kuufungua.

Dawa ya yote matatu ni kupunguza na kuziba. Kikaratasi kinaondoka. Dawa za mtoto zinageuka kodi ya chumba. Ruhusa inazibwa kwa sentensi moja kwamba mwenye duka alikwisha kumkataza kugusa fedha za mauzo. Na badala ya kuuliza jina la kosa, tunauliza kama ana hatia ya wizi na kwa sababu gani, ili mzigo wa swali uangukie kwenye sababu. Neno la kitendo nalo tulichague kwa uangalifu: tukiandika kwamba aliiba tumetoa jibu, na tukiandika kwamba alikopa tumempotosha mtahiniwa. Tuseme alichukua.

Rasimu ya pili basi inasomeka hivi:

Mwanaisha ni keshia wa duka la vifaa vya ujenzi mjini Morogoro. Mwenye duka amemkataza kutumia fedha za mauzo kwa shughuli zake binafsi. Ijumaa jioni, Mwanaisha alichukua shilingi 80,000 kwenye droo bila kumwambia mtu, akalipa kodi ya chumba chake. Alikusudia kurudisha shilingi 80,000 Jumatatu atakapopokea mshahara. Jumamosi mwenye duka alihesabu fedha na kugundua upungufu. Kwa mujibu wa Kanuni ya Adhabu ya Tanzania Bara, je, Mwanaisha ana hatia ya wizi?

A. Hana hatia, kwa kuwa alikusudia kurudisha kiasi chote Jumatatu.
B. Hana hatia, kwa kuwa shida ya kodi ndiyo iliyomsukuma kuchukua.
C. Ana hatia, kwa kuwa alizichukua ili azitumie kwa hiari yake.
D. Ana hatia, kwa kuwa mwenye duka aligundua kabla hajarudisha.

Walimu wa upimaji huyaita majibu yenye makosa vipotoshi, na hapa kila kimoja kina mtu wake. A ni ya anayeamini kwamba nia ya kurudisha inafuta wizi. B ni ya anayechanganya nia na kichocheo. Sheria inasema wazi kwamba, isipokuwa pale inapoelekeza vingine, kichocheo cha kitendo hakina uzito katika kuamua hatia, ingawa mawakili hukitumia sana wakati wa kuomba adhabu ipunguzwe. D ndiyo ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu hukumu yake ni sahihi na sababu yake ni mbovu. Anayeichagua anajua kwamba Mwanaisha yuko matatani, lakini anadhani kosa lilikamilika Jumamosi alipokamatwa. Ukweli ni kwamba lilikamilika Ijumaa, fedha zilipotoka kwenye droo. Hata angewahi kuzirudisha kabla ya mtu kujua, wizi ungekuwa umekwisha kutendeka.

Faida ya mpangilio huu wa wawili kwa wawili, wawili hapana na wawili ndiyo, ni kwamba mtahiniwa mwenye hisia tu za haki na batili hafiki mbali. Hisia zitamwambia ana hatia, kisha atabaki na C na D, na hapo ndipo sheria inapotakiwa.

Tazama pia urefu wa majibu. Nilipoliandika C mara ya kwanza lilikuwa hivi: ana hatia, kwa kuwa kuchukua fedha kwa nia ya kuzitumia kwa hiari yake ni wizi hata kama alikusudia kulipa kiasi hicho baadaye. Ni sentensi kamili, imezungushiwa kila tahadhari, na ndiyo ndefu kuliko zote. Wanafunzi waliozoea mitihani wanalijua hilo: mwalimu huogopa kukosolewa kwenye jibu sahihi, kwa hiyo hulirefusha, na vipotoshi huvitupa tu. Asiyejua sheria hata chembe atachagua refu na kupata. Tahadhari zote hizo mahali pake ni kwenye maelezo ya jibu. Vivyo hivyo, maneno kama siku zote na kamwe yakitokea kwenye vipotoshi peke yake yanakivujisha chumba kizima cha mtihani.

Swali limekwisha, lakini kazi haijaisha. Maelezo ya jibu yanastahili muda mwingi kuliko kisa chenyewe, hasa kama maswali ni ya mazoezi. Maelezo mengi niliyowahi kuyaona husema hivi: jibu ni C, tazama kifungu cha 258. Hiyo ni anwani tu. Mwanafunzi aliyechagua A anahitaji kuambiwa kwa nini mawazo yake, ambayo hayakuwa ya kijinga, yamefika pasipostahili. Ningeyaandika hivi:

Jibu ni C. Kuchukua kitu kunakuwa wizi kukifanyika kwa udanganyifu na bila dai la haki. Kifungu cha 258 kinaorodhesha nia zinazofanya uchukuaji uhesabiwe kuwa wa udanganyifu. Kwa fedha, nia ya kuzitumia kwa hiari ya mchukuaji inatosha, hata akikusudia kulipa baadaye. Mwanaisha hakuwa na dai la haki, kwa sababu alikwisha kukatazwa. A ingekuwa na nguvu kama angechukua kitu kisicho fedha, kwa mfano baiskeli ya mwenye duka, akakizungusha mjini na kukirudisha vilevile kilivyokuwa. Hapo kanuni ya fedha isingemgusa, na ingebidi kutafuta nia nyingine au kosa jingine. B inataja kichocheo, nacho hakiondoi hatia. D ina hukumu sahihi, lakini kosa halikungoja kugunduliwa. Lilitimia fedha zilipochukuliwa.

Sentensi ya baiskeli ndiyo inayofundisha zaidi katika maelezo hayo. Kubadilisha jambo moja tu kwenye kisa na kuonyesha jibu linavyogeuka kunampa msomaji mpaka wa kanuni. Kama mtunga swali hawezi kusema ni jambo gani likibadilika kipotoshi fulani kitakuwa sahihi, basi kipotoshi hicho hakijakaa karibu na ukweli.

Vipotoshi vya kweli hupatikanaje? Njia bora ninayoijua ni ya kizamani. Mpe mwanafunzi kisa bila majibu, aandike mistari mitatu: ana hatia au hana, na kwa nini. Kusanya karatasi na usome zilizokosea. Utakuta makosa yanajirudia, na yameandikwa kwa lugha ya wanafunzi wenyewe. Mwalimu akikaa peke yake na kalamu, kipotoshi cha kwanza kitamjia, cha pili atakitafuta, na cha tatu kitakuwa cha kujaza nafasi tu. Ndiyo maana sioni aibu kuandika swali lenye majibu matatu. Mtafiti wa upimaji Michael Rodriguez alikusanya utafiti wa miaka 80 na mwaka 2005 akahitimisha kwamba majibu matatu yanatosha kwa mitihani mingi. Vyuo vingi bado vinadai manne au matano.

Baada ya mtihani, karatasi zenyewe huzungumza. Tuseme watahiniwa ni 60, na A imechaguliwa na 21, B na wawili, C na 30, D na saba. B imekufa. Kwa kawaida wataalamu wa upimaji hukitilia shaka kipotoshi kinachochaguliwa na chini ya asilimia 5, na wawili kati ya 60 hawafiki hapo. Lakini idadi pekee haitoshi. Panga karatasi kwa alama za mtihani mzima, chukua theluthi ya juu na theluthi ya chini, utazame kila kundi limechagua nini. Theluthi ya juu ikiegemea C na ya chini ikaegemea A, swali liko salama hata kama nusu ya darasa imekosa. Ukikuta hodari wako wamejazana kwenye D, usiwalaumu kwanza. Rudi usome kisa chako, kwa sababu mara nyingi wameona tundu ambalo wewe hukuliona.

Kuna mambo ya jinai ambayo swali la kuchagua haliwezi kuyabeba, na mauaji yanaonyesha mpaka huo vizuri. Wengi huamini kwamba kosa la kuua kwa kukusudia linahitaji mtu awe amekusudia kifo. Sheria ya Tanzania inatosheka pia na kusudi la kusababisha madhara makubwa mwilini. Ni pengo zuri kama lile la fedha, na kipotoshi kinajileta chenyewe: si kuua kwa kukusudia, kwa kuwa alitaka kumjeruhi tu.

Sasa mwandishi anaandika kwamba Juma alimpiga jirani panga moja la mguuni, jirani akavuja damu na kufa. Je, ni kosa gani? Mtunga swali anadhani jibu li wazi. Haliko wazi. Kusudi la Juma halikutajwa, na mahakama hulitafuta kutokana na ushahidi. Mahakama ya Rufani katika shauri la Enock Kipela ilitaja mambo ya kutazama: aina na ukubwa wa silaha, nguvu iliyotumika, sehemu ya mwili iliyolengwa, idadi ya mapigo, aina ya majeraha, maneno ya mshambuliaji, na mwenendo wake kabla na baada ya tukio. Panga moja mguuni linaweza kupimwa huku au kule. Majaji wenyewe wangehitaji kurasa kadhaa kulieleza hilo, na wewe unamtaka mtahiniwa aweke alama kwenye herufi moja.

Kwa hiyo kisa kiseme lililo moyoni mwa mshitakiwa: Juma, akikusudia kumkata jirani mguu, alimpiga panga. Ongeza kwamba hapakuwa na ugomvi wakati huo na jirani hakuwa amemshambulia, ili uzibe njia ya kuchokozwa na ya kujihami. Sasa swali linapima kanuni. Kama unataka kumpima mwanafunzi namna ya kupima ushahidi, mpe kurasa na muda aandike insha.

Jambo la mwisho ni mahali na tarehe. Katika swali la Mwanaisha niliandika Tanzania Bara kwa makusudi, kwa kuwa Zanzibar ina sheria yake ya adhabu, Sheria Namba 6 ya mwaka 2018. Mpakani tofauti huwa kubwa zaidi. Mtoto wa miaka 11 anachukua simu ya mwalimu akijua fika kwamba ni kosa. Tanzania Bara, mtoto wa chini ya miaka 10 hawajibiki kabisa, na wa chini ya miaka 12 hawajibiki isipokuwa ithibitishwe kwamba alikuwa na uwezo wa kujua hapaswi kutenda vile. Mtoto wetu basi anaweza kuwajibika. Kenya, Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 imepandisha umri hadi miaka 12, hivyo mtoto huyohuyo hawajibiki, hata angejua nini. Kabla ya sheria hiyo umri nchini Kenya ulikuwa miaka minane, na mtoto huyo angeweza kutiwa hatiani kama ingethibitishwa alikuwa na uwezo wa kujua. Simu ni hiyohiyo na mtoto ni yuleyule, lakini jibu linabadilika kufuata nchi na mwaka.

Chini ya kila swali andika nchi, jina la sheria na mwaka uliyoihakiki. Na kama unayo makusanyo ya maswali ya Kenya yanayosema bado kwamba umri wa kuwajibika kijinai ni miaka minane, yasahihishe leo kabla hujampa mwanafunzi mwingine.